Mchoro mmoja, mkono mmoja: namna karakana inavyolinda vipimo vya bodi la lori

Anayeagiza bodi la lori hulipia vipimo. Vikipotea kwenye kompyuta, fundi hukata bati kwa mchoro wa zamani.

Chukua mfano wa karakana yenye wachoraji wawili, mmoja Arusha, mwingine Nairobi. Wote wanafungua mchoro uleule asubuhi. Wa Arusha anaongeza kimo cha mlango kutoka milimita 2,200 hadi 2,400 na kuhifadhi. Wa Nairobi, aliyekuwa akihamisha bawaba, anahifadhi nakala yake baadaye. Mlango unarudi 2,200, bila onyo.

Programu ya kutunza matoleo, kama Git, huweza kuunganisha maandishi ya watu wawili mstari kwa mstari. Faili ya mchoro haiunganishiki hivyo. Dawa ni kuifunga kabla ya kuigusa:

```
git lfs lock mlango.sldprt
```

Mwenzake akijaribu kuifunga, anakataliwa. Aliyeifunga akimaliza, anaandika alichobadilisha, anatuma toleo jipya, kisha anaifungua:

```
git lfs unlock mlango.sldprt
```

Mwenzake huvuta toleo hilo kwanza, ndipo anaanza. Kufuli ikisahauliwa, kazi husimama. Amri ya `git lfs locks` huonyesha aliyeishika.

Mteja naye adai namba ya toleo kwenye mchoro anaousaini, na ailinganishe na ile iliyo mkononi mwa fundi kabla bati halijakatwa.