Swali la mipaka katika usaili wa mjaribu programu

Swali linalorudi mara kwa mara katika usaili wa wajaribu programu ni hili: fomu inapokea kiasi cha shilingi 1,000 hadi 50,000, utaijaribu kwa namba zipi? Jibu zuri ni 999, 1,000, 50,000 na 50,001, likifuatiwa na sababu. Makosa hujificha mipakani: mwandishi wa programu akiweka `>` mahali pa `>=`, shilingi 1,000 iliyo halali hukataliwa. Kutoka katikati, namba moja kama 20,000 yatosha, kwa kuwa zote hupita njia ileile. Anayetaja namba bila sababu huonekana amekariri tu. Msaili makini huongeza: je, zikiandikwa herufi, au nafasi ikiachwa wazi? Hayo hayamo katika mipaka, hujaribiwa kando.