Nolesi Ndogo Haimlipi Msusi

Katika saluni nyingi za Dar es Salaam bei ya kusuka hupangwa kwa kuchungulia fremu ya jirani. Jirani akisuka nolesi kwa 25,000, na wewe unaandika 25,000 ukutani. Wiki ikiwa kavu unashuka hadi 22,000. Tatizo ni kwamba jirani naye alichungulia kwa mwenzake, na huenda mtaa mzima hakuna aliyewahi kukaa na saa mkononi akaona kichwa kimoja kinakula muda gani.

Kinachouzwa hapa ni muda wa vidole. Rasta zenyewe si kigezo kizuri, kwa sababu wateja wengi huja na pakiti zao kutoka Kariakoo, na msusi anayeziuza mwenyewe hupata faida yake kwenye pakiti. Ni vizuri hesabu ya rasta ikae peke yake, nje kabisa ya bei ya kusuka. Zikichanganywa, mteja anayekuja na zake ataomba punguzo kubwa kuliko unaloweza kulimudu, na hutakuwa na jibu.

Tuchukue mfano wa fremu yenye wasusi wawili, inayofunguliwa siku 26 kwa mwezi, saa 10 kwa siku. Kodi, luku, maji, taka, ulinzi, leseni na uchakavu wa draya na viti vifike 310,000 kwa mwezi. Kila msusi anataka kupata 400,000. Hapo wengi hugawa 400,000 kwa saa 260 ambazo mlango uko wazi, wanapata kama 1,500 kwa saa, wanaridhika. Lakini mlango kuwa wazi hakulipi. Asubuhi hakuna mtu, mvua ikinyesha hakuna mtu, na katikati ya wateja wawili kuna kufagia na kusubiri. Tuseme msusi anakuwa na kichwa mikononi saa 6 tu kati ya 10. Kwa mwezi hizo ni saa 156, na saa hizo chache ndizo zinazobeba mshahara wote. 400,000 ukiigawa kwa 156 unapata karibu 2,600.

Gharama za fremu nazo hugawanywa kwa saa hizohizo za kazi. Wasusi wawili wana saa 312, kwa hiyo kila saa inabeba karibu 1,000. Jumla ni 3,600 kwa kila saa ambayo vidole vya msusi mmoja viko kazini, kabla hata ya jeli na foamu.

Namba hiyo haina maana mpaka ujue mtindo unachukua saa ngapi, na hapo ndipo nolesi ndogo inapowaumiza watu. Nolesi huanza na nywele ya mteja mwenyewe, kisha rasta huongezwa kidogo kidogo ili kusiwe na fundo kwenye ngozi, kwa hiyo kila msuko unaanza polepole. Mteja anaonyesha picha kwenye simu, msusi anaona "ndogo kidogo tu kuliko zile za kati", anaongeza 5,000. Jicho linadanganya. Sehemu inayogawanywa kwa ajili ya kila msuko ni mraba, na mraba ukipungua upande unapungua pande zote mbili. Ukigawa nywele kwa visanduku vya sentimita 2.5, kichwa cha kawaida kinatoa misuko kama 100. Punguza kisanduku hadi sentimita 1.8, tofauti ambayo mteja haioni kwa haraka, na misuko inakaribia 200.

Muda wa msuko mmoja haupungui sana unapokuwa mwembamba, maana urefu ni uleule, na kuchambua njia nyembamba kunahitaji umakini zaidi. Kwa mkono mwepesi na urefu wa katikati ya mgongo, tuseme dakika mbili na nusu kwa kila msuko. Misuko 100 ni saa nne na dakika 10. Misuko 200 ni saa nane na dakika 20. Weka saa moja na nusu ya kuosha, kukausha, kuchana na kuchovya ncha kwenye maji ya moto. Za kati zinafika kama saa 6, ndogo kama saa 10. Urefu nao hufuata hesabu hiyohiyo: ukifika kiunoni na kila msuko ukaongeza dakika moja, nolesi ndogo zimeongeza zaidi ya saa tatu, za kati saa moja na dakika 40.

Sasa bei. Nolesi za kati: saa 6 kwa 3,600 ni 21,600, na vifaa vidogo vya 2,000, jumla 23,600. Ile 25,000 ya ukutani si mbaya. Twende kilioni ya nywele ya asili, saa moja na nusu na vifaa vya 500, inagharimu 5,900, na watu hulipa 7,000 bila kelele. Nolesi ndogo, saa 10 na vifaa vya 2,500, inagharimu 38,500. Aliyeiandika 30,000 ametoa 8,500 mfukoni mwake. Ukiondoa vifaa na mzigo wa fremu, anabaki na 1,750 kwa saa, na mgongo unaouma. Mtindo unaopigwa picha kuliko yote ndio unaolipa kidogo kuliko yote.

Kugawana kwa asilimia hakuponyi jambo hili, hulificha tu. Chukua saluni ambayo msusi anabaki na asilimia 60 na mwenye saluni, anayenunua vifaa, anapata 40. Kwenye ile 30,000 mwenye saluni anapokea 12,000, anatoa vifaa, anabaki na 9,500 kwa kiti ambacho kimemgharimu 10,000. Na hata kama wasusi wawili wamekaa kichwa kimoja, mteja anaondoka mapema lakini saa za vidole bado ni 10.

Kuna nafasi ya kupunguza bei pia, ila ijulikane inaishia wapi. Jumanne tulivu kodi ya fremu imeshatoka, kwa hiyo nolesi za kati zinaweza kushuka mpaka karibu 18,000, yaani vifaa na mkono wa msusi. Jumamosi ni kinyume: saa 10 za nolesi ndogo zinafukuza vichwa sita vya twende kilioni, ambavyo vingeleta 42,000. Ukiongeza asilimia 10 ya tahadhari juu ya 38,500, unafika hapohapo.

Kupima si kazi kubwa. Anzia kisogoni, suka misuko kumi ukiangalia saa, kisha hesabu visanduku vya mistari miwili ya kwanza. Baada ya dakika 25 unajua kama umeahidi saa 6 au 10. Mteja aelezwe kabla ya kukaa kwamba bei itafuata idadi ya misuko, na kwamba kufumua rasta za zamani kuna bei yake. Nimeona wasusi wakifumua bure saa nzima, eti ni ukarimu.

Hesabu hii ina ukomo wake. Saa za kazi zikishuka kutoka 6 hadi 4 kwa siku, kila saa inapaswa kuleta zaidi ya 5,300, na hakuna mteja wa mtaani atakayebeba tofauti hiyo; hapo tatizo ni eneo la fremu au wingi wa wasusi. Mwenye nyumba akipandisha kodi kwa 60,000, mambo ni mepesi zaidi. Mzigo unaongezeka karibu 200 kwa saa: twende kilioni inapanda 300, nolesi za kati 1,200, nolesi ndogo 2,000. Anayepandisha kila mtindo kwa 1,000 anamtoza zaidi mteja wa saa moja na nusu ili amlipie yule wa saa 10.