Pale bomba la nyumba linapokutana na bomba la mtaa

Maji huingia nyumba mpya kupitia tundu dogo linalotobolewa kwenye bomba la mtaa, mara nyingi bila mtaa wenyewe kukatiwa maji. Kazi hiyo hutegemea vitu vitatu. Cha kwanza ni kibano kinachokumbatia bomba, ambacho mafundi wengi hukiita sado. Cha pili ni feruli, kiungo cha shaba kinachopanda juu ya kibano na kugeuza maji yaelekee kiwanjani. Cha tatu ni koki ya kufungia inayokaa kabla ya dira. Viwili vya kwanza hufukiwa ardhini na mwenye nyumba pengine asivione tena.

Nchini Tanzania si kila fundi ana ruhusa ya kugusa bomba la mtaa. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inahesabu kujiunganishia maji kinyemela kuwa kosa, kwa hiyo kutoboa ni kazi ya mamlaka ya maji au fundi iliyemtuma. Hata hivyo, mteja anaruhusiwa kusimama kando ya shimo na kutazama, na inafaa ajue anachokitazama.

Chukua mfano wa nyumba iliyo mita 14 kutoka bomba la mtaa. Bomba hilo ni la plastiki nyeusi, lenye milimita 63 kwa nje, na mtaani linajulikana kama bomba la inchi mbili. Jina hilo ndilo linaloleta hasara ya kwanza. Bomba la chuma la inchi mbili nalo huitwa hivyo hivyo, lakini kwa nje lina milimita 60.3 tu. Kibano cha 63 kikifungwa kwenye chuma hicho kitabaki na nafasi ambayo raba haiwezi kuijaza, hata bolti zikazwe namna gani. Fundi makini hakisii. Huzungusha utepe wa kupimia kwenye bomba: la plastiki litampa mzingo wa milimita 198 hivi, la chuma 189.

Bomba likishapimwa husuguliwa kwa kitambaa mpaka tope na mchanga viishe, kwa kuwa punje moja chini ya raba inatosha kuacha njia ya maji. Kibano huwekwa mbali na maungio ya bomba na mbali na kibano cha jirani, walau nusu mita, ili matundu mawili yasidhoofishe sehemu moja. Feruli hutazama juu au ubavuni kwa mshazari. Haiwekwi chini ya bomba hata kidogo, maana huko ndiko mchanga unakotulia. Bolti hukazwa kwa zamu, ya kona hii kisha ya kona inayotazamana nayo, kidogo kidogo, hadi pengo kati ya vipande viwili vya kibano lilingane pande zote. Anayekaza upande mmoja mpaka mwisho ndipo ahamie wa pili huisukuma raba nje ya kitako chake. Anayekaza kupita kiasi kwenye bomba gumu la plastiki ya kijivu anaweza kulipasua, tena si siku hiyo, bali miezi baadaye. Katika udongo wa pwani wenye chumvi, bolti za chuma cha kawaida huliwa na kutu, hivyo zinatakiwa zisizoshika kutu.

Sasa bomba la kwenda nyumbani, la milimita 25, hufungwa kwenye feruli kabla tundu halijatobolewa. Utaratibu huu huonekana kama umegeuzwa, lakini una sababu nzuri. Fundi mwenye pampu ya mkono hujaza maji kupitia bomba hilo, hupandisha presha na kutazama kibano. Kikivuja, hufunguliwa na kufungwa upya bila madhara, kwa kuwa bomba la mtaa bado zima. Kikivuja baada ya kutobolewa, mtaa mzima utafungiwa maji.

Feruli nyingi za bomba la plastiki zina kisu cha duara ndani yake. Fundi hufungua kifuniko cha juu, huingiza ufunguo wa pembe sita na kukizungusha kisu kishuke mpaka kipite ukuta wa bomba. Kisha hukirudisha juu, na kipande cha plastiki kilichokatwa hupanda nacho kikiwa kimenaswa ndani. Hapo maji huanza kupita, na kifuniko hurudishwa. Ufunguo huohuo ukishushwa tena huziba maji, jambo ambalo mamlaka hulitumia ikitaka kuifungia nyumba kutoka kwenye chanzo.

Wako wanaotoboa kwa nondo iliyopashwa moto. Tundu hupatikana haraka, ila plastiki iliyoyeyuka huacha midomo inayobana maji, na kipande kinachodondokea ndani husafiri na mkondo hadi kukwama kwenye chujio la dira. Dalili yake ni nyumba moja kupata maji membamba wakati majirani wa bomba hilohilo wanapata ya kutosha. Wengi hudhani dawa ni kuongeza ukubwa wa tundu. Lakini kwa nyumba ya mfano wetu, ndoo ya lita 20 ikijaa kwa zaidi kidogo ya dakika moja, safari ya mita 14 hula presha isiyofika mita moja ya kimo cha maji. Bomba la mtaa likiwa na presha ya kupandisha maji mita 30, upungufu huo hausikiki bombani.

Kutoka kwenye feruli, bomba halivutwi likakaza kama kamba. Huachiwa mkunjo mlegevu, ili udongo ukititia au plastiki ikisinyaa kwa baridi, mvutano usiishie kwenye feruli. Hulazwa kwenye mchanga laini, kina cha futi mbili hivi, zaidi pale magari yanapopita. Mpakani mwa kiwanja ndipo koki ya kufungia inapokaa, ndani ya kisanduku kinachofunguka, ikifuatiwa na dira. Kabla ya dira kufungwa, maji huachwa yatiririke mpaka mchanga na mabaki vitoke.

Maji yakivuja kati ya feruli na dira, dira haiyahesabu, kwa hiyo bili haitasema lolote. Kinachosema ni ardhi: majani mabichi kiangazi, au udongo usiokauka juu ya mtaro. Uvujaji huu haumuumizi mwenye bomba peke yake. Kwenye mitaa ya mgao, bomba likibaki tupu, ufa uliokuwa ukitoa maji hugeuka kuwa mdomo wa kunyonya tope lililouzunguka. Ama dira ikizunguka huku mabomba yote ya ndani yamefungwa, tatizo liko upande wa nyumba, na hilo ni la mwenye nyumba kugharimia.

Kabla kifusi hakijarudishwa, pima umbali wa feruli kutoka sehemu mbili zisizohama, kama kona ya ukuta na nguzo ya umeme, uandike pamoja na kina chake, na karatasi hiyo uihifadhi na hati za nyumba. Fundi atakayekuja miaka kumi baadaye atachimba shimo moja tu.