Saa 110 za Kiarabu

Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kinachowafunza lugha wanadiplomasia wa nchi hiyo, kinakadiria saa 2,200 za darasani kumfikisha mwanafunzi kwenye Kiarabu cha kufanyia kazi. Kwa Kiswahili kinakadiria chini ya nusu ya hizo. Makadirio hayo ni ya watu waliokulia Kiingereza, ambao wakati huo kazi yao ni kusoma tu.

Sasa tumchukue karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Anaingia ofisini saa mbili asubuhi, anatoka saa kumi na moja, kisha foleni inamsubiri. Akipata dakika 40 kila siku ya kazi na saa moja na nusu Jumamosi, kwa wiki 26 atakusanya saa zipatazo 125. Ondoa siku za kufunga hesabu za mwezi, homa na misiba, zitabaki kama 110. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya saa za yule mwanadiplomasia, kwa hiyo lazima achague. Mizigo anayoshughulikia inatoka Dubai na Maskati. Anachohitaji ni kusoma jina la mtu, la bidhaa, tarehe na kiasi kwenye karatasi, na kushika simu, kusalimia, kuuliza mzigo uko wapi na kuelewa jibu. Taarifa ya habari, mashairi na kanuni za sarufi zitasubiri.

Watu wengi katika hali yake hujipangia miezi mitatu ya herufi, halafu mazungumzo. Mpango huo unaonekana wa busara, lakini unakwama mahali pamoja. Kiarabu cha ofisini, cha gazeti na cha mabango huandikwa bila irabu fupi. Ukikutana na kafu, te na be zimeunganishwa, huenda ni kataba, yaani aliandika, au kutiba, iliandikwa, au kutub, vitabu. Hakuna alama ya kukuongoza. Mwarabu hasomi hapo kwa kuendeleza herufi moja moja. Analitambua neno analolijua tayari kutokana na yaliyo jirani yake. Asiyejua neno hawezi kulisoma, hata kama herufi zote 28 ziko kichwani. Ndiyo maana ninashauri kila neno lipite sikioni kwanza, kisha mdomoni, ndipo liandikwe, tangu wiki ya kwanza.

Dakika 40 zenyewe zigawanywe. Asubuhi kabla ya kutoka, 20 za daftari na kalamu. Nyingine 20 ni za masikio, kwenye daladala, akisikiliza maneno yale yale aliyoandika, yakiwa yamerekodiwa kwenye simu na ustadhi wake. Jumamosi ni siku ya ustadhi mwenyewe, ana kwa ana. Huyo hakwepeki, kwa sababu kuna sauti ambazo mwanafunzi hawezi kujisikia akizikosea.

Herufi zinachukua wiki sita, na hazitishi kama zinavyoonekana. Be, te na the ni bakuli moja lenye nukta tofauti. Jimu na ndugu zake wawili ni umbo moja. Dali na dhali moja. Sini na shini moja. Ukizipanga kwa koo namna hiyo, zile 28 zinapungua hadi maumbo kama 18, na ukoo mmoja kwa siku mbili unatosha. Kinachosumbua ni kuunganisha. Herufi sita, yaani alifu, dali, dhali, re, ze na wau, hazishiki mkono inayofuata kushotoni kwake. Neno linakatika katikati, na mgeni hudhani ni maneno mawili.

Jina la mji wa karani wetu ni somo zuri la jambo hilo. Neno la kwanza, daar, lina dali, alifu na re, na zote tatu ni za wale sita, kwa hiyo limesimama vipande vitatu ilhali ni neno moja. La pili linaanza na alifu na lamu, kisha sini. Limeandikwa al-salaam lakini husomwa as-salaam, kwa kuwa lamu ya “al” humezwa na sini na kuiacha ikitamkwa kwa mkazo. Herufi 14 huimeza lamu hivyo, na 14 zilizobaki huiacha isikike. Ile “es” iliyo katikati ya jina la mji ni lamu iliyomezwa. Mtu akiweza kuandika jina hilo bila kutazama, amemaliza nusu ya kazi ya mwezi wa kwanza.

Zoezi la mkono lililo bora kwa Mswahili ni kuandika Kiswahili chake kwa herufi hizo, kama ilivyofanywa pwani kwa karne nyingi kabla ya shule za wakoloni. Unajua tayari unachotaka kusema, basi akili yote inabaki kwenye umbo. Utakwama kwenye p, v na ch, ambazo Kiarabu hakina, na e na o zitalazimika kuazima alama za i na u. Anza na majina ya watu: Salim, Maryam, Yusuf. Ila zoezi hili liishe wiki ya sita. Ukiliendeleza utazoea kuandika maneno ya Kiarabu kwa lafudhi ya Kiswahili.

Hiyo lafudhi ndiyo hasara yetu kubwa, na imejificha ndani ya faida yetu kubwa. Karani anafika darasani akiwa na mamia ya maneno: kitabu, katibu na maktaba, elimu na mwalimu, dakika, samaki, bahari. Ameshazoea pia th, dh na gh, zinazowatesa wanafunzi wengine. Lakini Kiswahili kiliyapokea maneno hayo kwa kuyapunguza upande mmoja na kuyaongeza upande mwingine. Habari, hali na hewa kwetu zinaanza na h moja. Kwa Mwarabu ni tatu, ya kwanza kh, ya pili inakwaruza kooni, ya tatu ni pumzi tu. Aini imepotea kabisa katika Ali, elimu na saa. Bahari ni bahr, haina irabu ya katikati wala ya mwisho.

Makosa haya hayabaki kuwa ya lafudhi tu. Qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Jamal ni ngamia, jamaal ni uzuri. Hamaam ni njiwa, hammaam ni bafu, na tofauti iko kwenye mimu moja inayoshikiliwa kidogo. Urefu wa irabu na mkazo wa konsonanti ndivyo vitu tunavyovipuuza zaidi. Kipimo chake ni rahisi: ustadhi atamke maneno 20 ya jozi kama hizo bila mpangilio, mwanafunzi aandike alilosikia. Chini ya 16 sahihi mwishoni mwa mwezi wa pili, arudie wiki mbili za masikio kabla ya kusonga mbele. Hatapoteza kitu, kwa sababu maneno mapya atakayojifunza kwa sikio bovu yatalazimika kufundishwa upya.

Mwezi wa tatu na wa nne ni wa simu. Hapa lazima achague Kiarabu cha nani. Kiarabu fasaha cha vitabuni kinaeleweka kote, lakini mtu wa ghala Dubai hatakijibu. Kwa fasaha, “wapi” ni ayna na “sasa” ni al-aan. Ghuba utasikia wein na al-hiin, na kahawa ikiitwa gahwa kwa wengi. Ushauri wangu: ajifunze kusema kwa fasaha nyepesi na kusikia kwa Ghuba. Asichanganye na ya Misri kwa sababu tu filamu zake ni nyingi.

Sentensi 100 hivi zinatosha kwa miezi hiyo miwili, mbili au tatu mpya kwa siku, kila moja iwe ya kazini. Viambishi vya watu havitamshangaza, maana aktub, taktub, yaktub zinabadilika mwanzoni kama naandika, unaandika, anaandika. Atakachosahau ni jinsia. Mwanamume anaulizwa kayf haalak, mwanamke kayf haalik, na lugha yetu haijawahi kutudai kutofautisha hivyo.

Halafu tarakimu, zinazostahili wiki nzima. Sita, saba, tisa na makumi yote kuanzia ishirini anayajua. Anazokosa ni waahid, ithnein, thalaatha, arbaa, khamsa, thamaaniya na ashara. Ishirini na tano ni khamsa wa ishriin, tano ikitangulia. Katika karatasi za Ghuba, sifuri mara nyingi ni nukta, tano ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na sita inafanana na saba yetu. Maneno yanatoka kulia, tarakimu za kiasi zinasomwa kutoka kushoto. Nakuhakikishia hapa ndipo pesa hupotea.

Siku nazo zina mtego. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, Waarabu kuanzia siku ya pili yake. Wakisema al-ithnein, ambayo ina “mbili” ndani yake, ni Jumatatu, na si Jumapili. Alhamisi na Ijumaa tu ndizo tunazokutana. Saa hali kadhalika: as-saaa waahida ya mchana ni saa saba kwetu. Miadi iandikwe kwa saa ya Ghuba, kisha ibadilishwe.

Miezi miwili ya mwisho irabu zinaondolewa. Karani achukue ankara halisi za ofisini zilizokwisha kazi, moja kwa siku, asome vichwa tu: jina la mnunuzi, aina ya bidhaa, idadi, bei ya kimoja, jumla. Maneno hayo ni machache na hurudi yale yale. Asipolitambua neno, asilibahatishe. Amuulize ustadhi linavyotamkwa, alirekodi, alirudishe kwenye dakika zake za masikio.

Waliopita madrasa wataruka mwezi wa kwanza, lakini wasijisifu mapema. Wamezoea msahafu, ambao kila irabu imewekwa mahali pake, na wengi walisoma kwa sauti bila kufundishwa maana. Mwezi wa tano, irabu zikitoweka, watakuwa sawa na yule aliyeanza na alifu kwa ujiti, na pengine nyuma yake kidogo kama masikio hayakufanya kazi.

Wiki ya 26 ijaribiwe kwa simu isiyo na maandalizi. Ustadhi ajifanye mtu wa ghala, aseme kontena limechelewa, litapakiwa al-arbaa, idadi ya katoni ni thalaatha wa sabiin badala ya themanini. Karani aandike siku na idadi, aulize sababu, aombe karatasi itumwe upya, aage. Kwenye daftari tunatarajia kuona Jumatano na 73. Akiandika Jumanne au 37, aongezewe mwezi mmoja wa tarakimu na siku kabla ya kukabidhiwa simu ya kweli.