Mguu Mmoja Lami, Mwingine Ngazini

Makanga amegonga bati mara mbili na dereva ametia gia. Abiria anayeshukia Githurai ameshakanyaga lami kwa mguu mmoja tu. Matatu inapochomoka anaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Nani atalipa?

Sheria ya Kenya haimtaki mwenye gari alipie kila aumiaye ndani yake. Ni lazima abiria athibitishe uzembe. Gurudumu likipasuka ghafla ingawa gari lilikaguliwa vizuri, huenda asipate kitu. Lakini kuondoka kabla mtu hajamaliza kushuka ni uzembe ulio wazi, kwa kuwa jukumu la kumlinda abiria haliishi mlango unapofunguliwa. Linaendelea mpaka ashuke salama.

Utetezi wa kawaida ni kwamba dereva alikuwa wa skwodi, si mwajiriwa. Mara nyingi haufui dafu. Ikiwa aliyeshika usukani alikuwa akiendesha kwa ruhusa, katika shughuli ya mwenye gari, kosa lake humrudia mwenye gari. Na mwenye gari ni nani? Jina la sacco ubavuni halitoshi. Sheria ya Trafiki humchukua aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo wakili huanza kwa kuomba kumbukumbu za usajili NTSA.

Jambo gumu zaidi ni kuthibitisha kwamba ulikuwa abiria hata kidogo. Matatu nyingi hazitoi tiketi, na dereva anaweza kusema ulikuwa mpita njia tu. Hapo ujumbe wa M-Pesa wa nauli, wenye saa na jina la aliyelipwa, huwa na thamani kuliko maneno mengi. Pamoja nao huhitajika taarifa ya polisi ya ajali, iitwayo abstrakti, na karatasi za hospitali za siku ileile. Ukienda kutibiwa wiki mbili baadaye, utaulizwa kama hukuumia kwingine.

Tuseme hakimu amekadiria maumivu kuwa shilingi 400,000, na risiti za matibabu ni 38,500. Akiona abiria naye alikosea, labda alisimama mlangoni gari likiwa bado linatembea, anaweza kumbebesha asilimia 20 ya lawama. Atabaki na 350,800. Dawa zisizo na risiti hazihesabiwi, hata kama kila mtu anajua zilinunuliwa.

Bima ya lazima ndiyo hulipa hukumu, na wajibu wake kwa mtu mmoja una kikomo cha shilingi milioni 3. Kampuni ya bima iarifiwe rasmi mapema kuhusu kesi, la sivyo inaweza kukwepa.

Kesi yenyewe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Ahadi za mwenye gari kwamba “tutamalizana” hazisimamishi hesabu hiyo.