Senyenge, mitrayezi na mizinga ya haraka: juu ya nini askari walikufa kwa wingi namna ile mwaka wa 1916?

Tarehe 1 Julai 1916, saa tatu na robo asubuhi, batalyoni moja ya askari wapatao 800 ilitoka ndani ya mahandaki yake karibu na kijiji cha Beaumont-Hamel, upande wa kaskazini mwa Ufaransa. Walikuwa vijana wa kisiwa cha Newfoundland, kile ambacho Wafaransa wanakiita Terre-Neuve, na walipigana upande wa Waingereza. Nusu saa hivi ikapita, batalyoni ikawa imekwisha. Kesho yake walipoitwa majina, waliojibu wakiwa wazima walikuwa 68 tu.

Siku hiyo moja, kwenye mstari wote wa vita vya mto Somme, jeshi la Waingereza lilipoteza watu 57,470, kati yao 19,240 walikufa. Wengi wakisikia hesabu hiyo wanasema: wakubwa wa jeshi walikuwa wajinga, basi. Wengine wanasema ni mitrayezi, ni kusema ile bunduki inayotupa masasi mfululizo. Majibu yote mawili yana ukweli kidogo, lakini hayatoshi. Bunduki peke yake haikuweza kumaliza watu 800 kwa nusu saa. Kulikuwa vitu vitatu vilivyofanya kazi pamoja kama mashine moja, na ukitaka kuelewa Beaumont-Hamel, lazima uone kila kimoja kilikuwa na kazi gani.

Tuanze na mitrayezi. Mwaka wa 1884, Hiram Maxim alitengeneza bunduki iliyotumia nguvu yake yenyewe. Risasi ikitoka, bunduki inarudishwa nyuma. Nguvu ile ya kurudi nyuma ndiyo inatupa ganda tupu nje, inaingiza risasi mpya na kuipiga. Mpigaji anakandamiza tu. Wajerumani walikuwa na aina yake iliyoitwa MG 08. Ilikula mkanda wa kitambaa wenye masasi 250, na kwa dakika moja iliweza kupiga karibu masasi 500. Mtu mwenye bunduki ya kawaida, hata aliyefundishwa vizuri, alipiga 15 hivi kwa dakika. Kwa kuwa chuma kinawaka moto, walizungusha mtungi wa maji wa litri 4 hivi kando ya mdomo wa bunduki.

Lakini siri ya mitrayezi si haraka tu. Ilisimama juu ya miguu mizito ya chuma, kwa hiyo haikutetemeka sana mikononi mwa mtu. Masasi yake yalianguka mbali kwenye kipande cha ardhi kirefu na chembamba, sawa na kivuli cha mti jioni. Sasa waza watu wanakuja wamejipanga mstari mmoja mbele yako. Ukipiga kutoka mbele, kivuli kile kinakata mstari mahali padogo tu. Ukikaa pembeni na kupiga kandokando, kivuli chote kinalala juu ya mstari wa watu, na risasi inayomkosa mmoja inamkuta jirani yake. Ndiyo sababu Wajerumani waliweka mitrayezi zao pembeni, moja ikilinda mbele ya mwenzake, ili masasi yapishane kama mkasi.

Kitu cha pili ni senyenge, ule waya wa miiba. Haukutoka jeshini. Ulitoka kwa wafugaji wa Amerika, na aina iliyosambaa sana iliandikishwa na Joseph Glidden mwaka wa 1874 kwa kuzuia ng'ombe wasiingie mashambani. Senyenge hauui mtu. Kazi yake ni kumsimamisha. Wajerumani waliufunga kwenye vigingi mbele ya mahandaki yao, upana wa mita nyingi, si ukuta mmoja tu. Mtu akifika hapo, lazima akate, atambae ao atafute mlango. Dakika mbili, tatu zinapita, na zote anazipitisha wima mbele ya mitrayezi. Zaidi ya hayo, watu wakiona mlango mahali fulani, wote wanakimbilia hapo na kusongamana. Mpigaji wa mitrayezi hana tena haja ya kuwatafuta.

Cha tatu ni mizinga ya haraka. Zamani mzinga ukipigwa uliruka nyuma wote mzima, na watu walipaswa kuusukuma tena mahali pake na kulenga upya. Mwaka wa 1897 Wafaransa walileta mzinga wa milimita 75 ambao mdomo wake peke yake ndio uliteleza nyuma, ukazuiwa na mafuta na hewa iliyobanwa, kisha ukarudishwa mbele. Magurudumu hayakuhama. Kwa hiyo bombe lililofuata liliweza kupigwa palepale bila kulenga upya, na wapigaji hodari walifikisha mabombe 15 kwa dakika. Miaka michache nyuma, majeshi yote makubwa ya Ulaya yalikuwa na mizinga ya namna hiyo. Kwa mlinzi ilikuwa na kazi maalum: kushusha mvua ya mabombe kati ya mahandaki ya pande mbili na juu ya mahandaki ya mshambuliaji, ili waliotangulia wasipate msaada na waliobaki nyuma wasitoke.

Sasa turudi Beaumont-Hamel tuone vitatu hivyo vikifanya kazi.

Waingereza hawakwenda bila kujitayarisha. Kwa siku saba walitupa mabombe karibu milioni moja na nusu kwenye mstari wa Wajerumani. Waliamini kwamba senyenge utakatika na walinzi watakufa. Lakini mabombe mengi yalikuwa ya aina inayopasuka hewani na kumwaga vidonge vya risasi. Ili vikate waya, bombe lilipaswa kupasuka karibu sana na ardhi. Likipasuka juu sana, vidonge vinapita bila nguvu. Likichelewa, linachimba shimo tu. Mabombe mengine hayakupasuka hata kidogo. Na Wajerumani walikuwa wamekaa hapo karibu miaka miwili, wakachimba vyumba chini ya ardhi, mita sita na zaidi. Mule ndani waliteseka kwa kiu na kukosa usingizi, lakini wengi walibaki hai, pamoja na mitrayezi zao.

Kwa hiyo vita vyote vikageuka kuwa mashindano ya mbio. Mizinga ya Waingereza ikinyamaza, nani atafika kwanza juu ya ukuta wa handaki: Mjerumani anayepanda ngazi, ao Mwingereza anayevuka uwanja? Mjerumani alihitaji dakika mbili ao tatu. Mshambuliaji alibeba karibu kilo 30, akatembea polepole, mita 50 hivi kwa dakika.

Mahali hapo mambo yaliharibika zaidi. Waingereza walikuwa wamechimba njia chini ya ngome ya Wajerumani kwenye kilima cha Hawthorn na kuijaza baruti. Shambulio lilikuwa saa moja na nusu, lakini baruti ile ililipuliwa dakika kumi mbele, na mizinga mizito ya sehemu hiyo ikaacha kulenga mstari wa kwanza. Ilikuwa sawa na kugonga mlango wa mtu na kumwambia: tunakuja. Wajerumani walipanda, wakakalia ukingo wa shimo la mlipuko, wakangoja. Vikosi vya kwanza vilikatwa.

Nyuma, wakubwa hawakujua. Redio ya kubebwa mgongoni haikuwapo. Nyaya za simu zilikatwa na mabombe, na wajumbe waliotumwa kwa miguu waliuawa njiani. Fataki nyeupe zilionekana angani, zikadhaniwa ni alama ya Waingereza kwamba wamefika. Kumbe zilirushwa na Wajerumani. Amri ikatoka: batalyoni ya Newfoundland iende kusaidia.

Mahandaki ya kupitia mbele yalikuwa yamejaa maiti na majeruhi, kwa sababu mizinga ya Wajerumani ilikuwa inayapiga. Basi vijana wale walitoka kwenye handaki la nyuma na kutembea juu ya ardhi wazi, mita 200 na zaidi, hata kabla ya kufika kwenye mstari wa wenzao wa mbele. Hapo wakakuta senyenge wa Waingereza wenyewe, wenye milango michache tu. Mitrayezi za Wajerumani zilikuwa zimekwisha kulengwa kwenye milango ile. Wengi walianguka hapo, wengine wakiwa juu ya wenzao. Waliopita walishuka mteremko wazi, na ni wachache sana waliofika kwenye senyenge wa Wajerumani. Wakakuta haukukatika vya kutosha.

Fanya hesabu ndogo. Kutoka walipoanza mpaka kwa adui ni zaidi ya mita 500, ni kusema zaidi ya dakika kumi za kutembea. Mitrayezi moja, hata ikipumzika nusu ya wakati huo, inatupa masasi zaidi ya 2,000. Na siku hiyo kikosi kile kilikwenda karibu peke yake, kwa hiyo mitrayezi za pande zote zilikigeukia.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasizunguke? Swali zuri. Nchini Ubelgiji na Ufaransa mahandaki yalianza kwenye bahari na kuishia kwenye mpaka wa Uswisi, hapakuwa na pembeni. Mwaka uleule wa 1916 huku kwetu ilikuwa tofauti. Askari wa Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, walivuka kutoka Kivu na Ruzizi, wakaingia Kigali mwezi wa Mei na Tabora tarehe 19 Septemba. Mitrayezi zilikuwapo, mizinga pia. Lakini askari walikuwa wachache juu ya nchi kubwa, na adui aliweza kuzungukwa. Mashine ile ya vitu vitatu ilihitaji mstari usio na mwisho.

Na ilivunjwa namna gani? Kwa kuondoa kipande kimoja kimoja. Mizinga ilifundishwa kupiga pazia la mabombe linalosogea mbele polepole, askari wakilifuata karibu sana, ili Mjerumani akitoka chini awakute wamekwisha kufika. Hivyo ndivyo Beaumont-Hamel ilivyochukuliwa tarehe 13 Novemba 1916, ukungu nao ukiwasaidia washambuliaji. Baadaye likaja bombe linalopasuka mara tu likigusa waya. Novemba 1917, kule Cambrai, mamia ya vifaru yalilalia senyenge chini na kufungua njia. Kufa hakukuisha, lakini ile mbio ya kufika kwenye handaki haikuwa tena lazima mlinzi aishinde.

Mahandaki ya Beaumont-Hamel bado yanaonekana hadi leo, nyasi zimeota juu yake. Watu wa Newfoundland walinunua uwanja ule, na kila tarehe 1 Julai wanawakumbuka vijana wao.