Mtoto Analia Kila Jioni

Tuseme unaishi Mungaa na mtoto wako ana wiki 5. Kila jioni analia sana na kukunja miguu. Jirani anasema ni mchango, anakuletea maji ya mizizi. Usimpe.

Kwanza mfungue nepi. Kama ngozi imekuwa nyekundu, mkojo na kinyesi vimemchoma. Mwoshe kwa maji safi, mkaushe, umpake vaselini isiyo na manukato. Poda iache dukani. Vumbi lake huingia mapafuni. Nepi za kitambaa zisuuze mpaka povu liishe, maana sabuni iliyobaki huwasha.

Je, ngozi ni nzima, ananyonya vizuri, na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki? Basi kilio hicho ni cha umri wake. Huzidi karibu na wiki ya 6, huisha akifika miezi 3 au 4. Mbebe wima, mpigepige mgongoni mpaka acheue. Mizizi haina kipimo, nayo huweza kudhuru ini lake changa.

Lakini akikataa kunyonya, akipata homa, akitapika kijani au akinya damu, mpeleke hospitali ya Makiungu usiku huohuo.